Ripoti baada ya uchunguzi: kurekebisha ya kwanza au kuandika ya nyongeza?

Forklifti ilipogonga rafu katika ghala moja la Shimanzi, ripoti ya kwanza ilisema dereva alikwenda kasi, lakini uchunguzi ukakuta bomba la mafuta ya breki limepasuka. Kufuta sentensi ya awali na kuandika mpya ni kazi ya dakika chache, ila atakayeisoma baadaye hatajua kwamba dereva alilaumiwa wala kwa nini maelezo yalibadilika. Ripoti ya nyongeza, ambayo naiona ya haki zaidi kwa dereva huyo, huitaja ya kwanza kwa namba na tarehe, hunukuu dai lililobadilika, kisha huweka ushahidi: picha ya bomba, daftari la matengenezo na maelezo ya fundi. Saa na mahali, vilivyothibitika, vinatosha sentensi moja. Kasi, ambayo haikupimwa, iandikwe kuwa haikuthibitika.