Nimelipia taroti kabla ya usaili, msomaji akaniambia nitafute mtu wa ndani

Naandika hii nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Kuna kaka mmoja anasoma karata za taroti hapa Dar, jina simtaji wala mtaa, nilienda kwake kipindi kile nilipoitwa usaili wa mahojiano, nafasi ya afisa ugavi. Karata mimi ninazo nyumbani na najisomea vizuri tu, ila ukiwa na presha kujisomea mwenyewe ni kujidanganya, utachanganya na kuchanganya mpaka itoke ile unayoitaka. Ndio maana nikatoa hela yangu nikaenda kwa mtu.

Na niseme ukweli, alivyoanza nilimpa nyota tano kichwani. Nilifika na swali la kila mtu, "nitaipata hii kazi au siipati?" Akakataa. Akasema dada hilo swali likijibiwa ndiyo utabweteka na likijibiwa hapana hutaenda, tuulize ujiandae vipi kwa hao watakaokuhoji. Hapo kweli, swali zuri kabisa. Akataja nafasi tatu kabla hajafunua chochote: ya kwanza paneli ilivyo, ya pili ninachoenda nacho, ya tatu cha kujihadhari nacho. Kutaja nafasi kabla ya kufunua ni jambo kubwa, maana asipotaja anaweza kuipeleka karata popote baadaye. Kumbukeni hiyo ya tatu, ndiyo ugomvi wetu wote uko hapo.

Akafunua. Mfalme wa Panga, wima. Kisha Nane ya Sarafu, kisha Saba ya Panga.

Simu yake ikaita. Akaipokea! Mbele yangu, karata ziko wazi mezani, mimi moyo unadunda, yeye anaongea habari za gia boksi ya gari yake na fundi. "Sasa wewe uliniambia laki mbili leo unaniambia laki nne." Akasimama akatoka nje kabisa. Aliongea mpaka chai niliyopewa ikapoa, nikabaki na huyo Mfalme tunaangaliana uso kwa uso.

Na kuangaliana kweli, kwa sababu seti yake ilikuwa ile ya kawaida, zile picha za Pamela Colman Smith zilizotoka London mwaka 1909, na kwenye hizo huyu Mfalme amekaa anakutazama wewe moja kwa moja. Malkia wa Panga kakaa ubavu, anaangalia pembeni. Mfalme hapana, kakuelekea. Kanzu ya bluu, upanga mkono wa kulia ameunyanyua, hauko wima kabisa, umelala kidogo upande. Mkono wa kushoto umetulia pajani. Nyuma yake mgongo wa kiti una vipepeo vimechongwa. Hana hasira usoni wala hatabasamu, yaani ile sura ya mtu anayesubiri umalize sentensi yako.

Sasa Waite, aliyezibuni hizo karata na Pamela akachora, aliandika kwamba Mfalme huyu anakumbusha karata ya Haki, ile namba 11, na maana zake akaziweka kwenye hukumu, mamlaka, sheria, akili inayopambana. Ukatili, hila na nia mbaya akaviweka kwenye karata ikitoka kichwa chini. Ila ukiziweka hizo mbili pamoja utaona kitu. Haki ana upanga na mizani. Mfalme ana upanga tu. Mimi nikiwa pale peke yangu na gia boksi inasikika dirishani nikasema moyoni, basi huyu anakata, lakini cha kupima inabidi mimi ndiye nimpelekee. Hatakuja kunichimba nilifanya nini miaka yote ya kazi, atakata kwa nitakachoweka mezani siku ile. Kama sikukisema hakipo.

Na pembeni yake Nane ya Sarafu, fundi kwenye benchi na nyundo yake anachonga sarafu moja baada ya nyingine, zilizokwisha zimetundikwa. Nafasi ya ninachoenda nacho. Si ndiyo hiyo? Kazi zilizofanyika, zinazoonekana, moja moja. Mfalme kama huyu huendi kumwambia "mimi ni mchapakazi ninayejituma", unamwonyesha ile sarafu, hii nimechonga mimi, hivi.

Basi bwana mkubwa karudi. Hata samahani hakusema. Kaangalia karata kama anaangalia menyu, akasema, "Dada hapa kuna mzee mkali, mwenye mvi, huyo ndiye mwenye kazi yake na keshaamua. Hii ya tatu unaona mtu ananyemelea? Karata inakwambia pita mlango wa nyuma. Mtafute mtu wa ndani, mpelekee chochote, hizi paneli ni maigizo."

Jamani. JAMANI.

Nikamwambia kaka, nafasi ya tatu si umesema ni cha kujihadhari? Akanijibu, "We umekuja kusomewa au kunifundisha?" Hivyo hivyo. Kwa hela yangu.

Saba ya Panga ni jamaa ananyata kutoka kwenye mahema ya kambi, kabeba panga tano mikononi, mbili zimebaki zimesimama ardhini, huku anageuka nyuma kuangalia kama kuna anayemwona. Ingekaa nafasi ya ushauri tungebishana kidogo, kuna wanaoisoma kama mbinu. Lakini imekaa kwenye tahadhari, na mbele yake kuna Mfalme anayekutazama machoni! Maana yake si iko wazi, usiende na ujanja ujanja, usidai kazi ya wenzako, usivimbishe sivii, na panga mbili utakazoacha nyuma ndizo zitakazokushtaki. Yaani karata inayokataza njia ya panya yeye kaigeuza ramani ya njia ya panya. Na karata ya hakimu asiyejali wewe ni mtoto wa nani kaigeuza mzee wa kupelekewa bahasha. Kwa kazi ya ugavi tena, kazi ambayo bahasha ndiyo kosa lenyewe.

Nililipa nikaondoka, na nilichofanya nyumbani ni kuufanyia kazi usomaji wangu wa dirishani. Nikachukua swali ambalo usaili wa kada yetu haukosi, lile la lini ulitofautiana na bosi wako. Jibu langu la zamani lilikuwa refu kama msafara, naanza na tabia za bosi, naenda ofisi ilivyokuwa na majungu, mwisho nalalamika. Nikajiuliza Mfalme atakata nini hapa? Atakata tabia za bosi, hazimhusu. Atakata majungu. Kinachobaki ni hiki: mkuu wa idara alitaka manunuzi ya samani yagawanywe vipande ili yasifike kiwango cha kutangaza zabuni, sheria ya ununuzi hairuhusu kugawa kwa lengo hilo, nikamwandikia dokezo nikaonyesha kifungu na nikaweka ratiba ya kuyaunganisha bila kuchelewesha, yakatangazwa, samani zikafika kabla mwaka wa fedha haujaisha. Na hapo "nikaandika" iwe ni mimi kweli niliyeandika, si "tuliandika" wakati aliyeandika ni mwenzangu, hiyo ndiyo Saba ya Panga. Jibu limeshuka mpaka dakika mbili hivi. Nikafanya hivyo kwa kila kazi niliyotaka kuisema, nini kilitokea, mimi nilifanya nini, kikaishaje.

Na kuna kitu kingine watu wanakosea kwa Mfalme huyu, wanasikia "mwenye haki" wanadhani ni mpole. Haki si upole. Hatakutikisia kichwa kukutia moyo. Atakuuliza swali lile lile alilomuuliza aliyekutangulia, kwa maneno yale yale, ataandika, ataendelea. Mtu asiyejiandaa kwa hilo akiona sura kavu anadhani kashafeli anaanza kujitetea, na akianza kujitetea ndio anapotea. Mimi nilimpa mdogo wangu anihoji usiku huku nimemkataza kutabasamu, alishindwa mara kadhaa tukacheka sana, lakini nilizoea ile hali ya kumaliza jibu na kunyamaza.

Siku yenyewe sasa. Hakuna mzee mwenye mvi! Wapo watatu, na aliyekuwa Mfalme ni dada wa makamo ya kwangu tu, amekaa pembeni hata si mwenyekiti, kalamu mkononi na karatasi ya maksi mbele yake. Kila nikisema "tulifanya" ananisimamisha, "wewe binafsi?" Nikajibu, akaandika. Hakunitisha hata kidogo, maana nilishamkodolea macho mwenzake wakati wa gia boksi. Hili nalo msomaji alipaswa kulijua, karata za wafalme na malkia si lazima ziwe mtu wa jinsia ile au umri ule, mara nyingi ni namna ya kuamua iliyomo chumbani, na pengine ni wewe unaambiwa uwe hivyo. Yeye kanichorea mzee wa mvi ningekaa namtafuta mzee badala ya kumsikiliza anayeniuliza.

Kwa hiyo rivyuu: nyota moja. Hapana, subirini, lile swali alilonirekebishia mwanzoni lilikuwa na thamani yake, bila hilo ningeuliza ndiyo au hapana na karata hizi hizi zisingenisaidia chochote, na nafasi alizitaja wazi, wengi hata hilo hawafanyi. Nyota mbili basi. Lakini kila nikikumbuka "we umekuja kunifundisha" nataka kurudisha moja. Na ushauri wa rushwa jamani, kuna binti mwingine ataambiwa hivyo hivyo na ataufuata, atauza simu yake apeleke kwa mtu wa ndani asiyekuwepo.

Kazi nimeipata au sijaipata siwaambii, maana mtasema karata zimefanya kazi au hazijafanya, na Mfalme hakusema popote kwamba nitapata.

Nilimwandikia wasapu nikadai angalau nusu ya hela kwa ule muda aliokaa na fundi wake. Akanijibu kwa voisi noti, kwanza anauliza dada usaili ulikwendaje, halafu anasema ana ofa ya kusoma matokeo, nusu bei. Nyota moja. Na nusu niliyodai naisubiri mpaka leo.