Ununue kipi kwanza: vifaa vya kung'oa msumari mrefu uliokunjwa ncha bila kupasua boriti

Chukua boriti iliyotengenezwa kwa mbao mbili za mninga, kila moja inchi 2 kwa 6, zilizobandanishwa na kupigiliwa misumari ya inchi 5. Mbao zinakula inchi 4, inchi 1 inatokeza upande wa pili, na fundi akaikunja na kuigongelea mpaka ikazama. Ukikimbilia kuvuta kichwa, ndoana ile haitoki nzimanzima: inararua nyuzi zilizo mbele yake, na mbao kavu inaachia ufa mrefu. Kwa hiyo kazi inaanzia nyuma, na hela ianzie huko huko. Wengi wakifika dukani huulizia mtaimbo kwanza. Mimi nimeuweka wa tatu.

1. Tindo nyembamba

Hiki ndicho kifaa kinachoamua kama boriti itapona. Tafuta tindo yenye mdomo usiozidi upana wa kidole, uliochongoka. Tindo nene ya kuvunjia zege haifai hapa kwa sababu inaponda mbao kabla haijafika chini ya msumari. Bisibisi ya zamani nayo inajaribiwa sana, lakini inapinda au inavunjika mpini.

Kwanza angalia ncha imelala upande gani. Ikiwa imefuata nyuzi, pitisha kisu pande zote mbili za msumari ili kibanzi kisikimbie na ncha unapoiinua. Kisha ingiza mdomo wa tindo chini ya ncha yenyewe, siyo kwenye kona ilipokunjwa, na gonga kidogokidogo ukiisogeza kuelekea kwenye kona. Ncha ikishanyanyuka kiasi cha kushikika, weka tindo chini.

2. Koleo la kung'olea misumari

Hili lina midomo ya mviringo, na ndilo litakalonyoosha ncha na baadaye kumalizia kuvuta. Chagua la inchi 10. La inchi 7 linachosha mikono kwa msumari wenye unene wa karibu milimita 5. Dukani lifunge ulitazame kwenye mwanga: midomo ikiacha mwanya, litateleza. Tikisa pia mikono yake miwili; pini ikicheza, rudisha.

Nyoosha ncha kwa hatua mbili au tatu. Isiponyooka vizuri, usishindane nayo. Kona iliyobaki imevimba kuliko tundu na haitapita bila kuchana mbao. Ikate sawa na uso kwa ubapa wa msumeno wa kukatia chuma wenye meno madogo, ukitandika kipande cha bati juu ya boriti ili meno yasiitafune. Grenda inakata haraka zaidi, lakini inaunguza mbao, na kwenye paa lenye vumbi mimi siitumii.

Bado uko upande wa nyuma. Gonga msumari kutoka nyuma kwa panchi yenye ncha ya milimita 4, nyembamba kuliko msumari, mpaka kichwa kinyanyuke upande wa mbele. Nusu sentimita inatosha. Msumari wenye kutu mara nyingi hulia unapoanza kuachia, na mlio huo ni dalili njema. Panchi ikidunda bila kichwa kusogea, gonga kichwa mara moja kurudi ndani ili kutu ivunjike, kisha jaribu tena kutoka nyuma.

3. Mtaimbo mfupi bapa, au nyundo ya kucha

Hapa chagua kimoja. Kama una nyundo ya kucha yenye mfereji mwembamba na kingo kali, inatosha. Jaribu kucha zake dukani kwa msumari mwembamba, zikishika huo zitashika wowote. Mtaimbo una faida pale misumari ikiwa mingi.

Vyovyote vile, weka kibao chini ya kifaa na uongeze kingine kadiri msumari unavyopanda. Bila kibao msumari unalala kuelekea kwenye mpini na kulisukuma tundu upande mmoja. Ukiwa karibu na mwisho wa boriti, mpini uvutwe kuelekea katikati, kamwe usielekee mwisho, na funga klampu kukumbatia boriti kabla hujavuta. Ukiona unywele wa ufa unatoka kwenye tundu kufuata nyuzi, simama, rudi nyuma: karibu kila mara kuna kona uliyoiacha.

4. Kifaa cha kung'olea chenye nyundo ya kuteleza

Kinachimba mbao kuzunguka kichwa ili kishike, kikiacha jeraha la ukubwa wa shilingi. Kwa mbao za kumwagia zege, sawa. Kwa boriti itakayoonekana sebuleni, usikinunue, na hata ukikiazima hakiondoi haja ya tindo.