Walimziba mama mwanya: uzoefu wangu na duka la kuchora lebo kwa akili mnemba

Jina la duka sitalitaja, ila wenye biashara ndogo wanaopita pita karibu na Marikiti ya Mombasa kutafuta stika na lebo huenda wakalijua. Msiende. Ama nendeni, lakini msimwachie yule kijana wa mchana aandike maagizo peke yake. Nitaeleza kwa nini, maana hasira bado sijaimaliza.

Mama yangu anauza achari ya maembe Kibokoni, na chupa zake wateja wanazijua kwa sababu yake yeye. Ana mwanya katikati ya meno ya mbele, ana kipini puani, na akicheka mashavu yanaingia mikunjo ambayo nusu ya Mji wa Kale imeizoea. Nilitaka picha yake igeuzwe mchoro wa wino, uwekwe kwenye lebo. Mtu awe yuleyule, kalamu tu ndiyo ibadilike. Niliyasema haya wazi, mbele ya kaunta, na picha niliyompa kijana ilikuwa safi, uso umejaa fremu.

Baada ya Idi nikaenda kuchukua kazi. Kwenye lebo kuna msichana wa miaka ishirini na kitu, mweupe, macho makubwa, kidevu kimechongoka. Mwanya umezibwa. Kipini hakipo. Leso aliyojifunga ina maandishi, lakini jina la leso limegeuka vijiti visivyosomeka. Nikamwuliza kijana huyu ni nani. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Dada, si nimempendezesha? Kompyuta ndiyo inayochora, si mimi."

Nikamwambia anioneshe alichoandika. Akageuza laptopu kwa shingo upande, nami nikapiga picha kioo chake:

```
beautiful elegant Swahili woman, anime watercolor,
golden hour, soft pastel colors, flawless skin, smile
```

Sasa tazameni. Neno moja tu hapo, `watercolor`, ndilo linalohusu kifaa cha kuchorea. `Beautiful elegant woman` inaeleza mtu, na mashine ikielezwa mtu inachora mtu inayemjua yenyewe kutokana na picha ilizofunzwa, si yule aliye mbele yake. `Anime` wengi wanadhani ni aina ya mchoro tu, kumbe inakuja na uso wake kamili: macho mapana, pua ndogo, kidevu chembamba. `Flawless skin` ni amri ya kufuta mikunjo. `Smile` ni amri ya kuchora mdomo upya, na mdomo ukichorwa upya mwanya unaondoka, kwa sababu midomo mingi ambayo mashine imejifunza haina mwanya. `Golden hour` inahamisha kivuli cha shavu na kuipaka ngozi umanjano, na `pastel` inaimwagia weupe juu yake. Mama yangu hakubadilishwa na kompyuta. Alibadilishwa na mtu aliyeandika maneno sita ya uso na neno moja la kalamu.

Na si maneno pekee. Programu ile ina kitufe cha kusogeza kilichoandikwa `denoising strength`, kutoka 0 hadi 1. Hiyo ni kiasi cha chengachenga ambacho picha yako inamwagiwa kabla ya kuchorwa upya. Kikiwa 0 picha inabaki ilivyo. Kikiwa 1 picha yako imesahauliwa kabisa, yanabaki maneno matupu. Kijana alikiacha 0.75. Kwa nguvu hiyo, hata angeandika vizuri, sura isingepona.

Nilipomwambia arudie, akasema kurudia ni malipo mapya. Hapo sauti ikapanda, watu wa duka la pili wakatoka nje. Aliyeniokoa ni binti anayeshika zamu ya jioni. Alimtazama mama kwenye simu yangu, akasema, "Mama huyu, mimi nanunua achari kwake," akavuta kiti. Huyo binti namsifu kwa moyo wangu wote, na kama angekuwa na duka lake ningeandika mengine kabisa hapa.

Kwanza aliondoa kila neno linalomweleza mama. Hakuandika mwanamke, hakuandika umri, hakuandika tabasamu. Aliandika wino, mistari, mwanga na rangi, basi:

```
ink drawing on cream paper, fine lines on the face,
thick outline on the shawl, soft light from the left,
black, indigo and turmeric yellow
```

Mwanga wa kushoto aliuchagua kwa sababu kwenye picha yenyewe mwanga ulitoka kushoto, dirishani. Ukiagiza mwanga wa upande mwingine, vivuli vya pua na mashavu vinahama, na pua inaonekana ya mtu mwingine hata kama haikuguswa. Unene wa mistari nao alinieleza vizuri: mstari mnene ukipita kwenye mikunjo ya shavu unamwongezea mtu miaka kumi, ndiyo maana unene akaupeleka kwenye leso, usoni akaweka laini. Nguvu akaishusha hadi 0.35. Chini zaidi, akasema, unapata picha ileile kama imepakwa vumbi tu, wino hauonekani.

Ikatoka. Mwanya upo! Kipini kipo! Lakini uso ulikuwa na rangi ya karatasi, mweupe tena. Nikataka kulia. Binti akaangalia orodha ya rangi, akaona sababu: nyeusi, nili na manjano, hakuna hata moja ya ngozi ya mama, kwa hiyo ngozi ikaachwa tupu na karatasi ikajitokeza. Akaongeza `deep brown wash on the skin, as in the photo`, na manjano akayafunga kwenye kitambaa kwa `yellow on the shawl only`. Mbegu, ile namba iliyoandikwa `seed` inayopanga bahati ya mchoro, hakuigusa, ili ijulikane kilichobadilika ni rangi tu na si bahati ya mchoro mpya.

Ya mara hii ilikuwa mama. Binti hakuniambia niamini tu. Aliweka mchoro juu ya picha, akaufifisha nusu, tukaangalia pembe za macho, ncha za mdomo na tundu la kipini. Vyote vililala mahali pake. Jina la leso pekee ndilo lililogoma, maana mashine hizi mara nyingi zinaharibu herufi ndogo, na kwa maneno halikunyooka. Akakata maandishi kwenye picha halisi, akayabandika juu kwa mkono.

Kwa hiyo duka ni zuri? Jioni, ndiyo. Mchana wanakuuzia mtu usiyemzaa wala asiyekuzaa. Nilikuwa tayari kuandika nyota nne kwa ajili ya binti, mpaka nilipofika kaunta na kukuta nimelipishwa mara mbili, ya yule msichana wa katuni na ya mama. Mwenye duka nilimpigia, akasema kazi ya kwanza "ilifanyika, dada, karatasi imetumika." Nyota moja, na hiyo moja ni ya binti wa jioni. Lebo za kwanza nimezirudisha zote na bahasha yake. Pesa bado nawadai.