Uzoefu wangu na huduma ya kuandikiwa kategoria na miongozo ya kununua: duka la betri za sola

Duka letu la mtandaoni linauza paneli, inveta, betri na vifaa vyake. Maelezo ya bidhaa tulikuwa tunapewa na muagizaji, na muagizaji huyo huyo huwapa wenzetu wa mtaa mzima. Kwa hiyo sentensi kama "betri hii ina uwezo mkubwa wa kuhifadhi umeme" ilikuwa kwenye karibu kila betri tuliyonayo, na kwenye maduka mengine pia. Nililipia huduma ya waandishi wanaotengeneza maelezo ya kategoria na miongozo ya kununua. Nikianza na hukumu: rasimu ya kwanza ilikuwa ovyo, kazi ya mwisho ni nzuri, na tofauti ya hizo mbili ndiyo inayofaa kusimuliwa.

Rasimu ya kwanza ilikuja haraka mno. Kategoria ya betri za jeli ilianza na "Karibu ujipatie betri bora za jeli kwa bei nafuu." Ya lithiamu ilianza na "Pata betri imara za lithiamu kwa gharama unayoimudu." Ya inveta vivyo hivyo. Niliziba majina ya bidhaa kwa kidole na kusoma tena, na sikuweza kujua niko kategoria gani. Maneno yalikuwa yamebadilishwa lakini habari ilikuwa ile ile. Mteja hapati kitu hapo, na Google nayo haipati sababu ya kuuweka ukurasa mmoja mbele ya mwingine.

Wengi hudhani Google inaadhibu maandishi yanayojirudia. Kwa kawaida haiadhibu. Ikikuta kurasa zinazofanana inachagua mmoja wa kuonyesha na kuacha mingine. Hasara yako ni kwamba hauchagui wewe. Kwenye Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyopokelewa, tulikuwa tunaona kurasa zimepangwa chini ya `Duplicate, Google chose different canonical than user`, yaani tumesema ukurasa rasmi ni huu, Google ikachukua mwingine. Ukitaka kuona hali ya duka lako, chukua sentensi moja ya maelezo, iweke kwenye alama za kunukuu, na utafute ndani ya tovuti yako tu:

```
site:example.com "uwezo mkubwa wa kuhifadhi umeme"
```

Kisha ondoa sehemu ya `site:` uone maduka mangapi mengine yanayo.

Niliirudisha rasimu. Nafuu yangu ni kwamba msimamizi wa kazi hakubishana. Aliomba kitu ambacho kilipaswa kuombwa tangu mwanzo: meseji za WhatsApp ambazo wateja hutuuliza kabla ya kulipa, bila majina wala namba zao. Akazigawa. Swali linalohusu betri moja tu lilikwenda kwenye ukurasa wa bidhaa hiyo. Swali linalohusu aina nzima lilikwenda kwenye kategoria. Na lile la "nyumba yangu inahitaji nini?" likawa mwongozo. Kila jambo likapata nyumba moja, na kurasa nyingine zinaweka kiungo cha kwenda huko badala ya kulirudia.

Tazama kategoria mbili zilivyotoka. Ya jeli sasa inaanza kwa kumwambia mteja kwamba betri hizi hudumu zaidi usipozishusha chini ya nusu, kwa hiyo ampea 100 ihesabu kama 50 za kutumia. Inaendelea kumwambia kuwa ya ampea 200 ina karibu kilo 60, haifai kuletwa na boda, na kwamba itahitaji sakafu au stendi ya kuaminika. Ya lithiamu haisemi hata moja kati ya hayo. Yenyewe inauliza: kidhibiti chaji chako kina mpangilio wa lithiamu? Kama ni kile cha zamani chenye hatua ya kusawazisha chaji, usikifunge na betri hii bila kuizima hatua hiyo. Hapo hata ukifuta majina utajua uko wapi, na hakuna aliyehangaika kutafuta visawe.

Mwongozo ndio niliouthamini zaidi, kwa sababu una hesabu inayofika mwisho. Taa 5 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 175. Runinga ya wati 50 kwa saa 5 ni 250. Ruta ya wati 10 kwa saa 10 ni 100. Jumla 525, na ukiweka upotevu wa inveta wa asilimia 15 hivi, unahitaji karibu 620 kutoka kwenye betri. Jeli ya volti 12 na ampea 100 ina 1,200, nusu yake ni 600, haitoshi kwa kidogo tu, kwa hiyo nenda ampea 150. Lithiamu ya volti 12.8 na ampea 100 ina 1,280, na hata ukitumia asilimia 80 tu unapata zaidi ya 1,000. Mteja akimaliza kusoma anabofya kategoria moja kati ya mbili akijua anachotafuta.

Kasoro zilikuwepo. Waliiweka hesabu hiyo hiyo pia kwenye kategoria ya jeli, kwa ufupi, ili ukurasa "ujae". Niliwaambia waifute, kwa sababu kategoria na mwongozo zikijibu swali moja zitagombea nafasi moja kwenye utafutaji. Waliandika pia bei ndani ya mwongozo. Betri inafuata dola na meli, bei ya leo ikikaa kwenye maandishi itakuwa uongo mwezi ujao. Bei ikae kwenye bidhaa tu.

Kingine walichokiacha, na fundi wetu wa tovuti akakimalizia, ni anwani za vichujio. Mteja akipanga bidhaa kwa bei, WooCommerce, programu inayoendesha duka letu, huongeza `?orderby=price` kwenye anwani na maelezo ya kategoria hutokea tena yale yale. Tuliweka kila anwani ya namna hiyo ielekeze kwenye ukurasa safi:

```html
<link rel="canonical" href="https://example.com/betri-za-jeli/">
```

Kuna sehemu nilikataa kulipia kabisa. Waya wa milimita 4 na wa 6, mwekundu na mweusi, ulikuwa kurasa nne. Walitaka kuandika maelezo manne tofauti. Nini cha kusema tofauti juu ya rangi ya waya? Tuliziunganisha kuwa ukurasa mmoja wenye machaguo ya kubofya. Jedwali la volti, uzito na dhamana nalo liliachwa linajirudia kwenye betri zote, maana mteja analinganisha kwa hilo na halimdhuru mtu.

Kuhusu malipo: wanatoza kwa idadi ya maneno, na hapo ndipo uvivu wa rasimu ya kwanza unapotoka. Kategoria ya jeli iliyotufaa ina aya mbili fupi, ilhali ile waliyoleta mwanzo ilikuwa ndefu mara tatu. Kwa pampu za maji, tunazoanza nazo sasa, tumekubaliana walipwe kwa ukurasa, na wasianze kuandika kabla hawajakaa na kijana wetu wa mauzo wakasikia anavyomuuliza mteja kina cha kisima na urefu wa tangi.