Kibodi ipi ununue: kasoro moja inayokula herufi

Msomaji wa Wete ameniandikia akilalamika kwamba kibodi yake mpya inameza herufi anapochapa kwa kasi. Muuzaji alimjibu kuwa vidole vyake ndivyo vyenye haraka. Jibu hilo si la haki, kwa sababu kosa limo ndani ya kibodi.

Katika taipureta aliyoisajili Christopher Sholes wa Milwaukee, Marekani, pamoja na wenzake mwaka 1868, kila herufi ilikaa kwenye mkono wa chuma, na mikono hiyo ilining'inia kwa duara chini ya karatasi. Mikono miwili ya jirani iliponyanyuliwa kwa kufuatana upesi, ilikwamana. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba Sholes alizitenganisha herufi zinazofuatana mara kwa mara ili mikono yake isigongane, ingawa watafiti wa Kyoto waliandika mwaka 2011 kwamba mahitaji ya wapokeaji wa telegrafu, yaani simu za maandishi zilizopita kwenye waya, nayo yaliuathiri mpangilio. Dai kwamba alitaka kuwachelewesha wachapaji halina ushahidi. Remington walianza kuiuza mashine hiyo mwaka 1874, wachapaji wakauzoea mpangilio, na ndiyo maana hadi leo sisi tunaoandika Kiswahili tunakaa na Q katika safu ya juu bila ya kuihitaji.

Mikono ya chuma imeondoka, lakini kukwama kumebaki kwa sura nyengine. Chini ya vitufe kuna nyaya za mlalo na za wima zinazokutana kama uzi wa mkeka. Ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili mmoja, umeme huzunguka na pembe ya nne huonekana nayo imebonyezwa. Kibodi za bei ndogo hukwepa uongo huo kwa kukikataa kitufe cha tatu, na herufi yako hupotea. Dawa ni kuweka dayodi katika kila kitufe, ili umeme upite upande mmoja tu.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni kibodi za mekanika za Keychron, zenye swichi na dayodi kwa kila kitufe, zikiunganishwa kwa waya, na sioni haya kuipendelea. Ya pili ni kibodi ya utando, ambayo vitufe vyake hugandamiza karatasi za plastiki badala ya swichi, yenye maandishi ya "6KRO" kwenye sanduku, yaani vitufe sita kwa pamoja. Zile za bei ya chini kabisa zinamtosha anayechapa kwa kidole kimoja.

Ipime dukani kwa simu yako na kiunganishi cha OTG, kile cha kuchomekea kibodi kwenye simu: shikilia Shift zote mbili, kisha andika JAHAZI LIMETIA NANGA, uone herufi zipi zimekosekana. Linaloniudhi ni wauzaji wa Darajani wanaokataa kufungua sanduku kabla ya kulipwa, kisha wanakataa kurudishiwa kwa sababu limeshafunguliwa. Wakikukatalia kuichomeka, usiwape pesa yako.