Uzoefu wangu na kituo cha maandalizi ya IELTS: mshauri aliyesoma namba moja tu katika ripoti yangu

Nilikusudia kukipa kituo hiki nyota moja, na hiyo moja ingekuwa ya viti vyao tu. Nimebadili nia mara mbili tangu nianze kuandika, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Chuo nilichoomba kilitaka wastani wa 7.0 katika IELTS, mtihani wa Kiingereza wenye stadi nne, na pia kilitaka pasiwe na stadi yoyote iliyo chini ya 6.5. Mara ya kwanza nilipofanya mtihani, ripoti yangu ilionyesha Usikilizaji 7.5, Usomaji 7.0, Uandishi 6.0 na Uzungumzaji 6.5. Jumla ni 27, na ukigawanya kwa nne unapata 6.75, ambayo kwa kanuni ya IELTS hupandishwa hadi 7.0. Wastani nilikuwa nao, ila Uandishi ulinikwamisha. Nilikwenda na karatasi hiyo kwa mshauri wa wanafunzi wa kituo nilichokuwa nimekilipa kwa miezi kadhaa, nikitarajia angalau tukae tuisome.

Aliitazama kwa muda usiofika hata wa kupiga chafya. Akaweka kidole kwenye 7.0, akaniambia nilikuwa nimebakiza kidogo tu, na kwamba nijiandikishe upya haraka kabla Kiingereza hakijapoa kichwani. Nilipomuuliza ni kitu gani hasa kilichoniangusha katika Uandishi, alicheka mbele ya watu waliokuwa wakisubiri, akasema, «Ndugu yangu, wewe unafikiri sana. Mtihani ni wavu, ukikosa samaki unautupa tena.» Kisha akanipa orodha ya maneno magumu ya kukariri na kumwita aliyefuata.

Ninakiri kwamba nilimtii, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Baada ya kama wiki mbili nilikaa tena kwenye kompyuta na kufanya stadi zote nne. Uandishi ukabaki 6.0 vilevile, Usomaji na Uzungumzaji havikusogea, na Usikilizaji ukashuka hadi 7.0. Jumla ikawa 26.5 na wastani 6.625, na kwa kuwa hiyo iko karibu zaidi na 6.5 kuliko 7.0, nikapoteza hata ule wastani niliokuwa nao. Sikuwa nimedhoofika masikio. Usikilizaji una maswali 40, na tofauti kati ya 7.0 na 7.5 ni majibu mawili matatu tu, kiasi ambacho mtu yeyote anaweza kukipoteza kwa kukosea tahajia au kwa mkohoaji wa kiti cha jirani. Lakini 6.75 imesimama ukingoni kabisa mwa kupandishwa, na yeyote anayeshauri watu kuhusu mtihani huu alipaswa kuliona hilo, kwamba kurudia stadi zote kulikuwa ni kuhatarisha tatu zilizokwisha kutosha kwa ajili ya moja isiyotosha.

Nilirudi kituoni siku hiyo nikiwa na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mshauri hakuwepo. Aliyekuwepo ni mwalimu mmoja wa makamo anayefundisha Uandishi jioni, na hapa ndipo nyota yangu moja ilipoanza kutikisika, kwa sababu mama huyu aliniacha nimalize hasira, akanipa karatasi tupu, akaniambia niandike kwa kadiri ninavyokumbuka insha niliyoiandika katika mtihani pamoja na swali lake.

Alinieleza kwanza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Ile 6.0 ya Uandishi ni namba moja iliyofunika vigezo vinne vyenye uzito sawa: namna ulivyolijibu swali, mpangilio na mtiririko wa hoja, msamiati, na sarufi. Ripoti haivitenganishi. Tena kazi ya pili, yaani insha ya maneno yasiyopungua 250, ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza. Kwa hiyo aliyepata 6.0 kwa sababu ya sarufi na aliyepata 6.0 kwa kutojibu swali hupokea ripoti zinazofanana kabisa, ilhali dawa zao ni tofauti.

Swali langu lilitaka nijadili mitazamo miwili na kutoa maoni yangu. Mimi nilikuwa nimeuchambua mtazamo mmoja kwa aya mbili nzuri, wa pili nikaugusa kwa sentensi mbili, na maoni yangu yakachomoza katika mstari wa mwisho kama mgeni aliyekuta karamu imekwisha. Alinikadiria 7 kwa msamiati, 7 kwa sarufi, 6 kwa mtiririko, na 5 kwa kujibu swali. Wastani wake ni 6.25. Akaifuta ile 5 na kuandika 7, ikawa 6.75, bila mimi kujifunza hata neno moja jipya. Nilikumbuka ile orodha ya maneno magumu iliyokuwa bado mfukoni mwangu, nikatamani kuitafuna. Katika kazi ya kwanza ugonjwa ulikuwa uleule kwa sura nyingine, kwani nilisimulia namba za grafu moja baada ya nyingine bila kutaja popote mwelekeo wake mkuu ni upi.

Nilipomuuliza nirudie lini, hakunitajia tarehe. Alisema niandike kazi zote mbili kwa dakika 60 kamili, nisahihishiwe na mtu asiyejua ninahitaji alama ngapi, na nisilipie mtihani hadi nifikishe 6.5 au zaidi mara tatu mfululizo, kwa maana mara moja inaweza kuwa mada iliyokupenda. Kisha akanieleza kuwa waliofanya mtihani kwa kompyuta wanaweza kurudia stadi moja tu ndani ya siku 60 tangu tarehe ya mtihani, huduma iitwayo One Skill Retake, mradi kituo cha mtihani kinaitoa na chuo kinaipokea. Niliwaandikia chuo kwanza, wakajibu kwamba wanaipokea.

Majaribio mawili ya mwanzo yalikuwa 6.0. Matatu yaliyofuata yalifika, la mwisho likiwa limebakiza kama wiki mbili tu kabla ya dirisha kufungwa. Nilirudia Uandishi peke yake nikapata 6.5. Jumla ikarudi 27, wastani 7.0, na safari hii hakuna stadi iliyokuwa chini ya kiwango.

Kwa mwalimu yule ningetoa nyota tano na salamu za heshima, na nilikuwa tayari kukipa kituo kizima nne kwa ajili yake. Lakini kila nikipiga hesabu ninaona kwamba huduma hiyohiyo ningeweza kuitumia kwa matokeo ya kwanza, nikiwa na 7.5 yangu ya Usikilizaji mkononi, na ada ya mtihani mzima ikabaki mfukoni. Mshauri aliijua. Nilimuuliza, akasema watu hawaiulizii.

Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu hapa aliponipigia simu jana, sauti ikiwa tamu kama asali, akiomba nakala ya ripoti yangu mpya waibandike ukutani penye picha za wanafunzi waliofaulu. Ninaandika mbili.