Ufunguo wa pili "umebaki Japani"

Muuzaji wa yadi niliponunulia gari ana heshima zote mpaka hela imtue mkononi. Siku ya kukabidhiana alinipa ufunguo mmoja tu, ule wa kukaa nao mfukoni ukawasha gari kwa kitufe. Nikamuuliza wa pili uko wapi. "Umebaki Japani, bosi. Kwani una mikono mingapi ya kuendeshea?" Vijana wake wakacheka.

Gari lenyewe sina neno nalo. Lakini mwaka haukuisha, ufunguo ukachomolewa mfukoni Kariakoo, gari likabaki limeegeshwa pale pale linapepesa taa ya usalama.

Kuchonga chuma ni kazi ndogo. Tatizo ni chipu iliyomo ndani: gari haliwaki mpaka liitambue namba yake. Ukiwa na ufunguo mmoja unaokubali, fundi anachomeka mashine, anaugusisha wa zamani kwenye kitufe, kisha mpya, basi. Zikipotea zote, ufunguo mgeni hauna wa kuudhamini. Kwangu ilibidi dashibodi ifunguliwe, boksi la imobilaiza linaloitambua chipu litolewe, kumbukumbu yake isomwe na kuandikwa upya. Kuongeza ufunguo, fundi huyo angenichaji laki mbili na nusu. Mimi nikaambiwa laki nane, bredauni mbali.

Nilimwita fundi mwizi, tena mbele za watu. Na ufunguo wa kwanza aliouleta ukanipa sababu: gari likawaka ukigusishwa kwenye kitufe, ila ukibonyeza milango, kimya. Kumbe ulikuwa wa magari ya Ulaya, unarusha mawimbi ya megahezi 433, wakati gari la Japani linasikiliza karibu na 315. Kwa nje umefanana kabisa. Tofauti iko kwenye namba iliyochapwa kwenye saketi ndani. Akautafuta mwingine bila kuniongezea hata mia, akajikunja chini ya usukani mpaka giza likaingia. Haya, si mwizi. Ni ghali tu.

Ila yule wa yadi! Laki mbili na nusu angeweza kuitoa kwenye bei siku ile ile, nami ningeshukuru. Gari nilikuwa naliwekea nyota nne. Nikikumbuka kile kicheko naona hata mbili nyingi.

Ukienda kununua, dai funguo mbili na ujaribu kila mmoja peke yake, mwenzake ukiwa mbali na gari. Fungua milango kwa rimoti, kisha toa betri ndogo, ugusishe ufunguo kwenye kitufe na uwashe. Gari lisipowaka hivyo, chipu ina walakini, au ni ganda tu wamekupa. Uchomoe pia ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani uone kama unazungusha kitasa cha mlango wa dereva. Wakikuambia wa pili umebaki Japani, mpigie fundi simu mbele yao, uweke spika, aitaje bei wakisikia.